Fedha ya Mahindi

Togzhan aliposema kwamba mapambo ya saukele, yaani kofia ya harusi ya wifi yake, angeyachapa kwa mashine, mama mkwe wake alikuwa anamimina chai, na hakumwaga hata tone. Alijaza kikombe, akaongeza maziwa, akamsogezea mkwe wake, ndipo akauliza.

"Kwa plastiki?"

"Kwa plastiki, apa. Lakini haitaonekana plastiki."

"Ile uliyoniambia inatokana na mahindi?"

"Hiyohiyo."

"Basi binti yangu ataolewa na uji kichwani."

Wifi, ambaye ndiye aliyekuwa anaolewa, alicheka mpaka chai ikampalia. Jina lake Meruyert, lakini mke wa kaka hawezi kumwita wifi yake jina lake hivihivi. Desturi humtaka amtungie jina lingine, na Togzhan alimtungia Erke, yaani mdekezwa, na hakuna aliyepinga kwa sababu lilimkaa barabara.

Apa, yaani mama, kama walivyomwita wote pale nyumbani, alikuwa Kulpash, mshonaji wa kofia za harusi, na mji mzima wa Karaganda ulimjua. Saukele yake husimama wima kichwani mwa bibi harusi kama minara ya zamani, imefunikwa mahameli, ina manyoya ukingoni na utaji unaoteremka mgongoni. Ila bamba la fedha la mbele, lile linalokaa juu ya paji la uso na kubeba nakshi za ukoo, hakulitengeneza yeye. Lilikuwa la mfua fedha, na mfua fedha wake alihamia kwa wanawe mbali huko, akaacha patupu. Sokoni kulikuwa na mabamba ya bati yaliyopigwa muhuri mmoja, ukimwona bibi harusi wa leo umemwona wa mwaka mzima. Erke hakulitaka hilo. Alitaka bamba la bibi yake mzaa bibi, linaloonekana kwenye picha moja tu ya zamani: pembe za kondoo zilizojikunja pande mbili, na katikati alama ndogo kama unyayo wa ndege.

Togzhan alikuwa anafanya kazi kwenye karakana inayotengeneza mifano midogo ya majengo, zile nyumba za kuwekwa mezani kabla nyumba zenyewe hazijajengwa. Kuchapa plastiki, kuisugua na kuipaka rangi hadi ionekane jiwe au chuma ndiyo ilikuwa riziki yake. Mashine moja ndogo alikuja nayo alipoolewa, pamoja na matandiko. Tangu alipoingia nyumba ile alikuwa amepika chai isiyohesabika, lakini kwenye chumba cha kushonea cha apa alikuwa hajawahi kukabidhiwa hata sindano. Hakuonewa, wala hakuchukiwa. Alikuwa mkwe tu, mtu wa heshima na vikombe, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyomweleza mume wake Sanzhar, aliyekuwa safarini na treni za makaa siku nyingi kuliko alivyokuwa nyumbani.

Apa alitoa masharti yake palepale. Saukele ya kukodi ilikuwa tayari kabatini, ndani ya boksi lake, ina bamba lake la bati. Siku moja kabla ya harusi angefumba macho na kupitisha kidole juu ya bamba la Togzhan. Kidole kikigusa mstari, hata mmoja, boksi litafunguliwa.

"Na likipita," akaongeza, "mtu yeyote asiambiwe ni plastiki. Akiuliza, ni fundi. Basi. Sitaki ukoo mzima uje kunicheka."

Erke akamwambia Togzhan kwa sauti ya chini, "Kidole chake hicho kinahisi uzi uliolala upande. Unajua unachokifanya?"

"Najua," Togzhan akasema, na wakati ule alikuwa anajidanganya kidogo.

Mashine huchora tabaka la plastiki laini juu ya tabaka, nyuzi juu ya nyuzi, na kila tabaka huacha mstari wake. Kwenye bamba bapa mistari si mingi, lakini kwenye pembe zilizoinuka zikajikunja huwa ngazi tupu. Apa alipoliona bamba likiwa limetoka tu mashinani, jeupe, alilipapasa mara moja.

"Suruali ya kodrai, mistari mitupu," akasema, akalirudisha.

Halafu akaliweka mbele ya saukele aliyokuwa ameishona, na hapo likajitokeza tatizo lingine, maana kofia ni ya mviringo na bamba ni bapa. Lilikaa mbali na kofia pande zote mbili kama beleshi lililoegemezwa ukutani. Togzhan alikuwa amelichapa bapa makusudi, nakshi zitoke safi, akidhani nyuzi za kushonea zingelivuta. Plastiki haivutwi na uzi. Alisema atatafuta njia, apa akasema atangoja aione.

Basi akaanza kusugua. Alikaa jikoni na bakuli la maji, msasa mkavu wa namba mia na ishirini kwanza, kisha wa mia mbili na arobaini uliolowekwa. Alifanya kwa mkono, polepole, maana plastiki ile ukiisugua kwa mashine inapata joto, inalainika na kujiviringisha vijidonge, na badala ya kufuta mkwaruzo unapata wa pili. Ndani ya mikunjo ya pembe aligundisha vipande vya msasa kwenye vijiti vya mishikaki. Apa alipita mara kadhaa kuchukua chumvi ambayo hakuihitaji.

"Huchoki?"

"Nachoka, apa."

"Mm," akasema apa, akaenda zake na chumvi.

Baada ya msasa ilikuwa zamu ya praima ya kujaza, ile ya kopo la kupuliza, nzito na ya kijivu, inayoingia kwenye mikwaruzo na kuiziba. Hapo nje kulikuwa na baridi ya Februari, ya kukaza pua. Kopo likipoa sana hutema matone badala ya ukungu, kwa hiyo Togzhan aliliweka kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, akavaa barakoa yake ya vichungi, akatoka kwenye roshani yenye vioo, akafungua dirisha na kupuliza haraka, tabaka jembamba, akingoja, tena jembamba. Ukipuliza kwa pupa praima inajaza hata nakshi, na pembe za kondoo zinageuka mandazi. Kisha alilining'iniza bamba bafuni kwa waya, akafungua feni ya hewa, akaomba radhi kwa harufu, akaenda kazini.

Aliporudi alikuta nyumba kimya. Erke alikuwa amesimama kwenye ujia, amejishika mdomo. Apa alikuwa jikoni, ameupa mlango mgongo, anakata donge la unga ambalo lilikuwa limeshakatwa.

"Mko salama?" Togzhan akauliza.

"Muulize yeye," Erke akasema.

Bamba lilikuwa mezani. Au tuseme lililokuwa bamba, kwa sababu sasa lilikuwa limelegea na kubonyea, likapanda na kushuka kama paa la mabati yenye mawimbi. Unyayo wa ndege ulikuwa umezama kwenye bonde. Togzhan alilitazama, akageuka kutazama radieta ya kupashia nyumba joto chini ya dirisha, yenye mbavu zake za chuma, ambayo majira yale huwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuiwekea mkono. Akaelewa yote.

Kwa nyumba za kule, chochote kilicholowa huwekwa kwenye radieta. Glavu huwekwa pale, na viatu, na soksi, na hata mkate uliopata unyevu. Apa alikuwa ameanika vitu pale maisha yake yote na hakuna kilichowahi kumlalamikia.

"Lilikuwa bado linanata," apa akasema bila kugeuka. "Nikasema mtoto anahangaika, nimkaushie. Harusi Jumamosi. Sasa fedha gani hiyo inayoyeyuka kama siagi? Si ulisema utaalamu?"

Sauti ilikuwa ya ukali, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Togzhan alikuwa karibu kulia. Machozi yalikuwa yameshafika, yanangoja ruhusa. Ndipo akili yake ikaing'ang'ania sentensi moja tu kati ya zote: nimkaushie. Huyu mama alikuwa amefungua mlango wa bafu, akakagua praima kwa kidole, akaona inanata, akahangaika. Mtu anayeombea boksi la kabatini lifunguliwe hafanyi hivyo. Togzhan akaanza kucheka. Erke, aliyekuwa amejibana muda mrefu, akapasuka naye, na apa akageuka na kisu mkononi, uso umejaa unga.

"Mnanicheka mimi?"

"Apa, umelianika kama glavu," Togzhan akasema, akajifuta macho. "Plastiki hii ikifika joto la chai inalegea."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, kama ningejua unanisaidia."

Apa akaweka kisu chini. Akaketi, akalivuta bamba kwake, akaligeuza huku na huku. Mikono yake ilianza kufikiri kabla yake. Aliubinya ukingo mmoja, ukawa mgumu, hauendi.

"Likipoa linakaza?"

"Linakaza vilevile lilivyo."

"Na likipata joto tena?"

"Linalegea tena."

Apa akamtazama mkwe wake kama mtu anayefanyiwa mzaha. "Wewe msichana. Hiyo ni tabia ya sufu iliyoshindiliwa. Mimi kofia nazifinyangaje? Natia mvuke, inalegea, naivuta kwenye kalibu, naifunga, inapoa, inakaa. Sasa kwa nini bamba langu linasimama kama beleshi?"

Togzhan alijua kabisa kwamba plastiki ile hupindika kwa joto. Karakanani waliiogopa tabia hiyo, wakaiweka plastiki mbali na jua na madirisha ya magari, na haikumpitia kichwani kwamba kitu unachokiogopa kila siku kinaweza kukufanyia kazi. Erke akasema, "Mimi naenda kuchemsha maji," akaenda.

Kwa mara ya kwanza Togzhan aliingia chumba cha kushonea akiwa na shughuli. Apa aliiweka mezani kalibu ya mbao ya saukele, akaivika kitambaa ili nakshi zisichubuke, wakavaa glavu nene. Birika lilipofoka, Togzhan alilipitisha bamba kwenye mvuke taratibu, mbele na nyuma, mpaka likaanza kuinamisha mabega. Kisha apa akalipokea, akalilaza juu ya kalibu, akalishikiza kwa mikanda ya sufu kuanzia katikati kwenda ncha, pasipo kuvuta. Alizungumza nalo kama anavyozungumza na sufu.

"Tulia. Tulia mama. Usikimbie."

"Bonyeza hapa, apa, penye mbavu za radieta."

"Naona. Mimi si kipofu, ni mharibifu tu."

Lilipopoa walifungua mikanda. Bamba lilikuwa limekumbatia kalibu kama limezaliwa pale. Praima ilikuwa imepasuka vijistari kwenye mkunjo, na mabonde mawili ya radieta yalibaki, lakini hafifu. Unyayo wa ndege ulikuwa umesimama tena. Apa alilichukua, akaliweka mbele ya saukele, likalala bila nafasi ya kupitisha ukucha. Furaha iliyompanda Togzhan kifuani ilikuwa kubwa, akashindwa kuificha, akampiga apa busu la shavuni, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Apa alijifuta unga, si busu.

"Kuna kazi bado," akasema. "Nipe huo msasa."

Kuanzia hapo apa hakubanduka. Togzhan alitia puti nyembamba ya kuzibia kwenye mabonde, ikakauka, akaisawazisha, akapuliza praima upya. Safari hii bamba lilikauka bafuni bila kuguswa, apa akiwa ametundika mlangoni karatasi iliyosema USIFUNGUE, ingawa mtu pekee wa kuambiwa hivyo alikuwa yeye. Praima ilipokauka sawasawa, Togzhan akapuliza juu yake ukungu mwepesi wa rangi nyeusi.

"Sasa umelichafua," apa akalalamika.

"Lisugue taratibu kwa maji, namba mia nne. Weusi utatoka palipoinuka. Palipobonyea utabaki. Utakapoona weusi umebaki, pana kasoro."

Apa alisugua, akaona, akapendezwa. Ni kama chaki ya mshonaji, akasema, inayokuonyesha kosa kabla mkasi haujakuonyesha. Weusi ulibaki kwenye mistari midogo chini ya pembe ya kushoto, na ndani ya mkunjo mmoja. Wakaziba, wakapuliza, wakasugua tena kwa namba mia sita. Walikaa pande mbili za meza moja, bakuli moja la maji katikati, na apa akamsimulia Togzhan habari za kofia ambazo hata Erke hakuwahi kuzisikia, ikiwemo ile ya bibi harusi aliyekataa kuvua saukele wiki nzima kwa sababu ilimzidishia kimo kuliko mama mkwe wake.

"Na mama mkwe akafanya nini?" Togzhan akauliza.

"Alikuja kwangu kuagiza ya kwake."

Baadaye ilikuja rangi. Kwanza nyeusi inayong'aa, kwa sababu fedha ya kopo huchukua sura ya kile kilicho chini yake, na chini kukiwa na vumbi au mikwaruzo, juu hupata kijivu cha sufuria. Nyeusi ilipokuwa kioo, Togzhan alipuliza fedha nyembamba sana, kama mtu anayepulizia manukato. Vanishi aliijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, maana vanishi nyingine huua mng'ao, na kweli ya kwanza iliua, ya pili ikakubali. Mwisho alipaka rangi nyeusi ya maji kwenye mikunjo na kuifuta kwa kitambaa chenye unyevu, ikabaki ndani tu, penye kina. Hapo bamba likazeeka miaka mia mbele ya macho yao, likawa fedha ya bibi mzaa bibi, iliyopita mikono mingi na sherehe nyingi.

Siku ya mtihani ilipofika, apa aliketi, akavua miwani, akafumba macho. Alipitisha kidole juu ya pembe, chini ya pembe, ndani ya mkunjo, kwenye unyayo wa ndege, akarudia. Togzhan alikuwa amesimama na roho juu, ingawa nusu ya kazi ile ilikuwa ya kidole kilekile. Kidole kikasimama chini ya pembe ya kushoto.

"Hapa," apa akasema.

"Kuna mstari?"

"Hakuna. Ndiyo nashangaa, ulikuwepo." Akafumbua macho. "Shoneni."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Erke aliingia na saukele yake, utaji ukimfuata, na taa zilipolipata bamba, wageni wengine walisahau kupiga makofi. Peremende zilirushwa, watoto wakagombania chini ya meza, wazee wakaimba. Boksi la kukodi lilibaki kabatini nyumbani. Togzhan alisimama karibu na mlango wa jikoni na buli lake, mahali pa mkwe, akiwa na furaha isiyohitaji mtu wa kuisikia.

Ndipo akaja Shangazi Zibagul, dada wa marehemu mume wa apa, mwanamke aliyeuza vito sokoni tangu ujana, ambaye hakuna pete iliyopita mbele yake bila kukadiriwa. Alimwinamisha bibi harusi kama anakagua kondoo, akalitazama bamba kwa karibu, akarudi nyuma.

"Kulpash, hii ya nani?"

"Fundi," apa akasema, kama walivyokubaliana.

"Fundi gani? Wa Almaty?"

"Fundi tu."

"Mmemficha, siyo. Haya. Lakini mikono hii haipo tena siku hizi. Huyu ni mzee, nakuapia, mzee wa zamani aliyefundishwa kwa kuchapwa. Tazama nakshi hizi. Vijana hawana subira hii. Hawa wakwe zetu wa leo, hawa wa simu na mashine, mwambie mmoja akusugulie sufuria uone."

Alisema hayo akimpungia Togzhan kikombe, kwamba chai imiminwe. Togzhan akasogea kummiminia, uso umeinama, akijizuia kucheka. Alipoinua macho aliona masikio ya apa yamekuwa mekundu.

"Zibagul," apa akasema, na meza mbili za jirani zikageuka. "Ni plastiki."

"Nini?"

"Plastiki. Ya mahindi. Imechapwa nyumbani kwangu, ikapigwa msasa jikoni kwangu, na mimi mwenyewe nikaiharibu kwenye radieta, ikatengenezwa tena. Tazama." Akanyoosha vidole vyake, ngozi imelika nchani, hata kitambaa cha hariri kingekwama. "Na vyake ni vibaya zaidi. Onyesha, mwanangu. Weka buli chini, onyesha."

Togzhan aliweka buli chini, akaonyesha. Shangazi Zibagul alitazama vidole, akatazama bamba, akaligonga kwa ukucha. Lilitoa sauti ndogo, ya plastiki. Ukoo mzima uliokuwa karibu uliisikia, na hakuna aliyecheka.

"Nani kaifanya?" shangazi akauliza tena, safari hii taratibu.

"Binti yangu," apa akasema.

Erke, chini ya saukele, aligeuza shingo kwa uangalifu. "Apa, mimi sikugusa hata msasa. Nilichemsha maji tu."

"Nani kakutaja wewe? Wewe unaondoka leo," apa akamjibu, akamnyooshea utaji. Akamshika Togzhan mkono, ule ulioparuzwa, akamvuta kwenye kiti kilichokuwa wazi upande wake. "Nasema huyu ninayebaki naye. Kaa. Chai wataimimina wengine."